Pikipiki Iliyowekwa kwa Rahimu

Meshack aliiosha pikipiki kabla ya kuipeleka. Aliitoa matope yaliyokuwa yameganda chini ya injini tangu mvua za elinino, akapaka mnyororo oili, akafuta kiti kwa kitambaa cha mkewe, kisha akaiendesha polepole kutoka Hombolo hadi Dodoma mjini, kama mtu anayempeleka ng'ombe mjamzito asitake aanguke njiani.

Ilikuwa pikipiki ya kununua kwa awamu. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, Meshack alikuwa miongoni mwa mabwana mifugo waliokabidhiwa kiinua mgongo na kuambiwa wakajitegemee. Wengine walifungua vilabu vya pombe. Yeye alikwenda dukani kwa Rahimu, barabara ya sokoni, akaweka kiinua mgongo chote kuwa malipo ya kwanza, akatia sahihi mkataba. Kila mwezi angelipa awamu moja. Mpaka awamu ya mwisho pikipiki ingekuwa mali ya Rahimu, naye Meshack angekuwa mwenye kuitumia na kuitunza, asiyeruhusiwa kuiuza wala kuiweka rehani. Basi akafunga sanduku la dawa nyuma ya kiti, akawa anazunguka vijijini kuchanja, kutibu na kuuza dawa za kuogeshea. Serikali haikuwa ikileta dawa tena, na josho la kijiji lilikuwa limekauka na kuota magugu, kwa hiyo kazi ilikuwapo. Alilipa mwaka mzima bila kukosa, na zaidi ya mwaka.

Halafu ikaja mvua ile. Madaraja yakabebwa. Yalipokauka maji likaingia gonjwa la mifugo, na minada ikafungwa ili ng'ombe wasihame na ugonjwa. Mfugaji asiyeuza ng'ombe halipi dawa. Meshack aliendelea kutibu kwa sababu huwezi kumwacha ndama afe mbele yako wakati sindano iko mkononi, lakini fedha hakuiona. Ikapita awamu moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Rahimu akatuma salamu mara mbili kwa watu wa daladala, na salamu za pili hazikuwa na utani.

Hapo ndipo Meshack alipofanya lile jambo ambalo, kwa mtu aliyelelewa kama yeye, lilikuwa la heshima kabisa. Baba yake hakuwa na ng'ombe wengi wa kwake mwenyewe. Zizi lake lilijaa ng'ombe wa watu, waliowekwa kwake ili awatunze, anywe maziwa, na ndama wagawanywe kwa maelewano. Mwaka wa njaa baba alikuwa akiwakusanya, anawapeleka kwa wenyewe, anawaacha hapo mpaka majani yarudi. Mwenye ng'ombe huwaona, huridhika kwamba hawakuliwa. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba kumpelekea mtu ng'ombe wake akawaone ni kuvunja makubaliano naye.

Kwa hiyo Meshack hakusubiri Rahimu aje. Alimpelekea.

Rahimu alikuwa ameenda Dar es Salaam kufuata mzigo. Nyumbani kwake, nyuma ya duka, alimkuta mama yake, Bi Mwanne, ameketi mkekani anachambua mchele. Meshack akamwamkia, akapewa maji, akaegesha pikipiki chini ya bati la uani na kumkabidhi Bi Mwanne ufunguo. Alimwomba amwambie Rahimu kwamba pikipiki iko salama, aione mwenyewe, na kwamba minada ikifunguliwa atakuja na fedha na kuichukua. Akaomba pia iwe inawashwa kila baada ya siku chache, isilale. Kisha akaondoka kwa miguu, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kifua chake kilikuwa chepesi.

Wepesi huo ulidumu mpaka Filipo, jirani yake, aliporudi mjini na habari kwamba pikipiki imetolewa nje ya duka, imeandikwa bei kwa chaki kwenye kipande cha boksi.

Mkewe, Hilda, alipoisikia habari hiyo aliinuka, akaondoa chungu cha mlenda motoni ingawa ulikuwa haujaiva, akakaa tena. Hakumlaumu. Alisema tu kwamba watu watatu kutoka Chihanga wamekuja asubuhi kumtafuta daktari, na wakarudi walipoona hana chombo, na mmoja wao aliondoka akisema atamtafuta yule wa Kongwa. Meshack akatazama sanduku la dawa lililokuwa kando ya mlango. Dawa zile zina tarehe ya kufa, kama mtu, na nusu yake alizichukua kwa mkopo kutoka kwa mwenye duka mwingine. Bila pikipiki hakuna kazi, bila kazi hakuna kulipa pikipiki, wala dawa, wala ada ya mtoto. Jambo hilo lilimzunguka kichwani usiku na mchana kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti kwa kamba fupi.

Filipo, ambaye hakukosa ushauri katika jambo lolote, alimwambia aseme aliporwa.

"Sema vijana wa Rahimu walikuja hapa wakakunyang'anya," alisema. "Mimi nitakuwa shahidi. Nitasema walimpiga na kofi."

"Walimpiga nani?"

"Wewe. Kofi moja tu, hatutazidisha."

Hilda alicheka licha ya yote, lakini Meshack hakucheka. Alikuwa akilifikiria.

Kesho yake wakaenda mjini, yeye na mkewe, kwa Yudith, binti wa shangazi yake Hilda, aliyekuwa karani wa mahakama. Yudith aliwakaribisha chai kibarazani kwake, akausoma mkataba mbele na nyuma, akauliza amelipa kiasi gani na kutazama stakabadhi. Alitangulia kuwaambia kwamba yeye si wakili, anasema tu yale anayoyasikia yakisomwa mahakamani. Halafu akawaeleza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza mgonjwa.

Mtu aliyelipa awamu mbili tatu tu akakwama, mwenye mali anaweza kuichukua mali yake. Lakini sheria inamwangalia tofauti mnunuzi aliyekwisha kulipa sehemu kubwa ya bei, na Meshack alikuwa amevuka nusu, amevuka hata theluthi mbili. Mtu wa namna hiyo, hata akikosa awamu, mwenye mali hana ruhusa ya kumnyang'anya kwa mkono wake. Lazima aende kushtaki, na hakimu ndiye aamue. Hata yale maneno ya kwenye mkataba, kwamba muuzaji anaweza kuingia nyumbani kwa mnunuzi wakati wowote kuchukua mali yake, hayana nguvu mbele ya sheria. Na muuzaji akikaidi, akainyakua bila mahakama, mkataba unakufa hapo hapo, deni linakufa, na anatakiwa kurudisha kila senti aliyopokea.

"Kila senti?" Hilda aliuliza.

"Kila senti, dada. Pamoja na ya mwanzo."

Meshack aliona kile kiinua mgongo, miaka yake kumi na saba ya kazi, kimerudi mezani kama vile hakikuwahi kuondoka. Alilikumbuka kofi la Filipo.

Lakini Yudith hakuwa amemaliza. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mnunuzi kuirudisha mali kwa hiari yake, akiona mzigo umemshinda, na kuuvunja mkataba. Aliyelipa nusu ya bei au zaidi hadaiwi tena, ila awamu zilizokwisha kuiva bila kulipwa. Wala hawezi kudai alicholipa. Mali imeondoka, fedha imeondoka, wameachana. Naye Rahimu angesema hivyo: kwamba hakumnyang'anya mtu, aliletewa.

"Sasa shemeji, nikuulize, na unijibu kama unavyomjibu Mungu," Yudith alisema. "Ulipoiacha pale, ulikuwa umeichoka?"

"Niliiweka," alijibu Meshack. "Akaione. Ng'ombe wa mtu ukikwama nao, unampelekea."

Yudith akasema kwamba yeye, kwa kuwa ni Mgogo, amemwelewa. Asichojua ni kama hakimu aliyetoka Bukoba ataelewa. Akawaonya mambo mawili: wasitie sahihi karatasi yoyote ya kwa Rahimu, na wasiongeze neno ambalo halikutendeka, maana uongo mmoja ukivuliwa nguo mahakamani, ukweli wote ulio karibu nao huonekana uchi pia.

Wakaenda dukani mchana ule ule. Pikipiki ilikuwa nje, na mtu mmoja mwenye kofia ya pama alikuwa ameikalia akijaribu breki. Rahimu alimpokea Meshack kwa ukarimu uliomtia hofu zaidi kuliko hasira. Aliagiza soda. Alimwambia mteja apitie saa kumi, wamalizane. Akawaingiza Meshack na Hilda uani, chini ya lile bati, akatoa karatasi iliyokwisha kuchapwa.

"Bwana Mifugo, mimi sikulaumu," alisema. "Wewe ni muungwana. Umeona huwezi, umerudisha. Yule bwana wa Makutupora alilipa mara tatu akaanza kuificha kwenye mashamba ya zabibu, nilimtafuta nusu mwaka. Wewe umeleta mpaka mlangoni, tena imeoshwa. Basi na mimi nakufanyia uungwana. Zile awamu nne nakusamehe. Tia sahihi hapa kwamba umerudisha kwa hiari, tuagane vizuri."

Kusema kweli Rahimu hakuwa mtu mbaya. Pikipiki zote alizokuwa nazo alizichukua kwa mali kauli kwa Mhindi mmoja wa Dar es Salaam ambaye hakuwa na habari ya mvua wala ya minada. Watu wake watano walikuwa wamekwama mwaka ule. Yeye naye alikuwa akilala macho wazi.

Meshack alishika kalamu. Ni vigumu kulieleza jambo hili kwa asiyewahi kudaiwa: kalamu ile ilikuwa na raha yake. Akitia sahihi, angetoka pale bila deni kwa Rahimu, angeweza kupita barabara ya sokoni bila kujificha. Aibu ya miezi minne ingekwisha kwa mstari mmoja wa wino. Hilda aliona vidole vyake vikisogea, akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Sikurudisha," Meshack alisema. "Niliiweka."

Rahimu alimtazama. "Nilikuja kuichukua? Nilituma mtu akunyang'anye? Niambie mbele ya mkeo."

Hapo kofi la Filipo lilikuwa karibu kabisa, kwenye ncha ya ulimi. Kwa kofi lile moja angepata kila senti.

"Hukutuma mtu," alisema Meshack. "Niliileta mwenyewe. Niliileta uione, kama anavyoletwa ng'ombe aliyewekwa, mpaka minada ifunguliwe."

"Hii ni pikipiki, Meshack. Haina pembe."

"Mkataba hatujauvunja. Nimelipa zaidi ya theluthi mbili. Ukiiuza leo, umeichukua bila mahakama, nami nitakwenda kudai nilicholipa chote."

Rahimu akaweka chupa ya soda chini. Alijua sheria ile. Muuzaji wa awamu asiyeijua hadumu. Lakini alijua pia kwamba neno la Meshack lilikuwa moja na la kwake moja, naye hakuwapo siku ile. Akasema kwa utulivu kwamba kama ni hivyo, alete shahidi aliyesikia.

"Shahidi si yupo," sauti ilisema kutoka jikoni.

Bi Mwanne alitoka anajifuta mikono kwenye upindo wa kanga. Meshack na Hilda wakainuka, "Shikamoo, mama," akawaitikia, akakaa kwenye kigoda bila haraka. Rahimu akamwambia kwa adabu kwamba haya ni mambo ya biashara.

"Ndiyo, mwanangu. Na biashara yenyewe ilipokelewa na nani? Wewe ulikuwa Dar es Salaam." Akamgeukia Meshack, akamtazama kama anayetazama nyama buchani. "Huyu alinipa ufunguo, akanywa maji, akaniambia iwashwe isilale. Nimeiwasha mara mbili, moshi ukaingia kwenye mchele wangu. Mtu anayekuachia moja kwa moja hakupi masharti ya kulisha. Baba yangu alikuwa na ng'ombe ishirini Hombolo kwa Wagogo, mimi hiyo namna ya kuweka naijua kabla hujazaliwa."

"Mama, ukisema hivyo mahakamani unanitia hasara."

"Nitaulizwa kwa kiapo, nitasema nini? Kwamba sikuwapo?"

Meshack alitaka kushukuru, lakini Bi Mwanne alimkata kwa kidole.

"Na wewe usinichekee. Waliokuwa wakimtunzia baba yangu ng'ombe, hata mwaka wa jua walileta kibuyu cha samli, walileta habari. Wewe miezi minne kimya, halafu unamwachia kikongwe pikipiki kama kapu. Ungekuja mwezi wa kwanza ukasema nimekwama, tungefika hapa?"

"Tusingefika, mama," alisema Meshack.

Rahimu alikunja karatasi yake mara nne. Alitoka nje akamwambia mtu wa pama kwamba pikipiki haiuzwi. Sauti za kubishana zilisikika kidogo, kisha zikapoa. Aliporudi alitupa ufunguo mapajani mwa Meshack.

"Chukua. Sikunyang'anyi. Nakushtaki," alisema. "Tutaonana kwa hakimu."

Na kweli alishtaki. Samansi ilifika Hombolo kabla ya mwezi kwisha. Meshack alikwenda mahakamani amevaa shati lake la kanisani. Hakukana deni. Alieleza mvua, gonjwa, minada, akaonyesha stakabadhi zake. Hakimu, ambaye kweli alikuwa mtu wa Bukoba, alisikiliza pande zote na kuandika kwa muda mrefu. Akaamua kwamba mwenye mali ana haki ya kurudishiwa pikipiki yake, lakini akaisimamisha amri hiyo kwa sharti: mnunuzi abaki nayo na kulipa kilichosalia kidogo kidogo, kwa kiasi cha nusu ya awamu ya zamani, kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Akikosa, amri itaamka, na pikipiki itachukuliwa bila kesi nyingine. Akamuuliza Meshack kama ameelewa. Meshack akasema ameelewa. Nje, Rahimu alimpa mkono, akamwambia, "Ijumaa, Bwana Mifugo," akaenda zake.

Nusu ya awamu si kitu kwa mwenye kitu. Minada ilikuwa bado imefungwa. Wiki ya mwisho ilipoingia Meshack alikuwa amepata robo tu ya kiasi kile, na petroli ilikuwa ya kukopa. Basi akaanza kuzunguka kwa wale waliochukua dawa kwake bila kulipa, nyumba baada ya nyumba, akifanya kazi ambayo hakuwahi kuipenda. Wengine walijificha. Wengine walimkaribisha uwele na maneno mazuri. Jumatano alasiri alifika kwa Generosa, mjane mwenye tembe pembeni ya bwawa, aliyetibiwa ng'ombe wawili na wote wakapona.

"Mbukwenyi," Meshack aliamkia kwa Kigogo kutoka uani.

Generosa aliitikia, na kabla hajaulizwa kitu aliingia zizini akatoka na mbuzi jike mweupe, mnene, akamfunga kamba kwenye usukani wa pikipiki mwenyewe.

"Nilisikia unakuja," alisema. "Nina haya na wewe, daktari. Huyu hapa."

Mbuzi yule kwa mchinjaji wa mjini alikuwa nusu ya awamu kamili, hata na chenji. Meshack aliona Ijumaa imeshapita, ameshapeana mkono na Rahimu. Alitia mkono kwenye fundo la kamba alikaze. Kisha mkono ukabaki hapo.

"Mama Generosa, huyu unanilipa, au unaniwekea?"

Mjane akashangaa swali. Alimtazama mbuzi, akamtazama yeye, akafikiri kwa haki kabisa, kama mtu anayegawa urithi.

"Mbuzi nakulipa," alisema. "Tumbo lake nakuwekea. Ni la wajukuu."

Meshack akapiga magoti, akapapasa tumbo kwa vidole vya kazi yake. Ndani kulikuwa na vitoto viwili, pengine vitatu, na bado miezi miwili vizaliwe. Mchinjaji hangoji miezi miwili, na hakimu hangoji kupita Ijumaa. Angeweza kujifanya hajui, akasema hana mimba. Generosa angemwamini, nani kijijini angembishia daktari?

Alibaki amepiga magoti muda mrefu kiasi cha kumfanya mjane aulize kama mnyama anaumwa.

"Haumwi," alisema. "Ni mzima sana."

Akafungua kamba, akamrudisha mbuzi zizini yeye mwenyewe, akamuuliza mjane kama ana kitu kisicho na kitu ndani yake. Generosa akacheka, akamkamatia majogoo wawili. Meshack akawafunga miguu, akawaning'iniza kwenye usukani vichwa chini. Hawakufikia hata nusu ya pengo. Mbele yake zilibaki nyumba chache upande ule wa bwawa, halafu Chihanga, halafu hakuna. Akapiga teke injini, nayo ikaguna, ikakataa, ikakubali mara ya tatu, na majogoo wakaanza kupiga mabawa wakati akishika njia kuelekea nyumba iliyofuata.